Digrii za kutoshiba: jinsi ya kuhesabu pete na bondi maradufu kwenye fomula za dawa za malaria

Niliandika ubaoni fomula ya klorokwini, C₁₈H₂₆ClN₃, nikawaomba wanafunzi wanne wanipe digrii zake za kutoshiba. Nikapata majibu manne: 4, 6, 7 na 8. Yote ni namba kamili, yote yana sura ya kueleweka, na kila mmoja alikuwa tayari kutetea lake. Jibu sahihi ni 7. Wale watatu walikosea kila mtu kwa njia yake, na makosa yao ndiyo hayohayo ninayoyaona kila mwaka. Nitayarudia baada ya kuweka msingi.

Digrii za kutoshiba ni idadi ya pete ukijumlisha na bondi pai zilizomo ndani ya molekuli. Bondi maradufu ina pai moja, kwa hiyo ni digrii moja. Bondi ya mara tatu ina pai mbili, ni digrii mbili. Pete moja ni digrii moja. Hesabu yenyewe haikuambii ni ipi kati ya hizo. Inakuambia jumla tu. Hata hivyo, ukiwa na fomula mkononi na hujui umbo la molekuli, hakuna taarifa nyingine utakayoipata kwa dakika moja bila kugusa chupa.

Viti na waliokaa

Kanuni ya vitabuni inaandikwa hivi:

```
D = (2C + 2 + N - H - X) / 2
```

X ni jumla ya halojeni zote: florini, klorini, bromini na iodini. Anayeikariri hivyo ataikumbuka hadi siku ya mtihani, kisha atachanganya alama za kujumlisha na kutoa. Mimi huifundisha kwa viti, kama vya daladala.

Kaboni ina mikono minne. Zipange kaboni kwenye mstari, kila moja ikimshika jirani wa kushoto na wa kulia. Kila kaboni inabaki na mikono miwili mitupu, na zile mbili za mwishoni zina mkono mmoja wa ziada kila moja. Kwa hiyo viti vya haidrojeni ni 2C + 2. Molekuli ambayo viti vyake vyote vimekaliwa imeshiba: haina pete wala bondi maradufu.

Sasa ingiza naitrojeni. Hii ina mikono mitatu. Ukiichomeka katikati ya bondi yoyote, mikono miwili inashika pande zote mbili na mmoja unabaki. Kila naitrojeni inaongeza kiti kimoja. Oksijeni ina mikono miwili; ukiichomeka, yote miwili inatumika na hakuna kinachobaki. Haiongezi kiti, haipunguzi kiti. Halojeni ina mkono mmoja tu kama haidrojeni, kwa hiyo yeye si kiti. Ni abiria. Anakaa mahali ambapo haidrojeni ingekaa.

Pete inapofungwa, ncha mbili hushikana, na kila ncha inampoteza abiria wake. Viti viwili vinabaki bila watu. Bondi pai inapotengenezwa, atomu mbili jirani hufanya vivyo hivyo, na viti viwili vingine vinabaki bila watu. Ndiyo maana tunahesabu viti vilivyo tupu na kugawanya kwa mbili.

Hatua basi ni tatu. Hesabu viti: 2C + 2 + N. Hesabu waliokaa: H + halojeni. Toa, gawanya kwa mbili.

Klorokwini: viti ni 36 + 2 + 3 = 41. Waliokaa ni 26 + 1 = 27. Tupu ni 14, nusu yake 7.

Je, ni kweli? Ichore. Klorokwini imejengwa juu ya kwinolini, yaani pete mbili zilizoungana ubavu, zenye bondi maradufu tano. Hizo ni digrii saba tayari. Mkia wake una naitrojeni mbili na kaboni kadhaa, wote ni bondi moja moja. Saba zimetimia.

Wale watatu walikosea wapi

Aliyepata 4 aliitoa naitrojeni badala ya kuijumlisha: 38 − 3 − 27 = 8, nusu yake 4. Aliyepata 8 aliijumlisha klorini kama kiti: 41 + 1 − 26 = 16, nusu yake 8. Aliyepata 6 alizisahau zote mbili, akafanya 38 − 26 = 12, nusu yake 6.

Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba jibu likiwa na nusu, kuna kosa. Ni kweli, lakini kipimo hicho ni kidhaifu kuliko wanavyodhani. Kinamkamata anayesahau abiria au viti vilivyo witiri. Ukisahau klorini peke yake kwenye klorokwini unapata 7.5, na kengele inalia. Lakini ukikosea alama, kosa linajirudia mara mbili, na mara mbili ya chochote ni shufwa. Kengele hailii. Ukisahau vitu viwili vilivyo witiri, vinafutana, na kengele hailii vilevile. Namba kamili si ushahidi kwamba umepatia. Ushahidi ni mchoro.

Florini sita

Halojeni zinaleta taabu zaidi zinapokuwa nyingi. Meflokwini, dawa ambayo wasafiri wengi walikuwa wakipewa kwa kinga, ni C₁₇H₁₆F₆N₂O. Mtu akiona haidrojeni 16 tu kwa kaboni 17 anadhani molekuli hii ina njaa kali. Viti: 34 + 2 + 2 = 38. Waliokaa: 16 + 6 = 22. Tupu 16, digrii 8. Kwinolini inachukua saba, na pete moja ya piperidini iliyoshiba inachukua ya nane. Florini zote sita zimekaa tatu tatu kwenye kaboni mbili, kimya, bila kuongeza digrii hata moja.

Ukizipuuza florini utapata 11, namba kamili, na utakesha ukitafuta bondi maradufu tatu ambazo hazipo.

Oksijeni haihesabiwi, lakini isomwe

Kwa kuwa oksijeni haimo kwenye kanuni, wengine huamua kwamba haina habari yoyote, na wengine hufanya kinyume chake: kila wakiona oksijeni wanaona kabonili, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi maradufu. Linganisha molekuli mbili za ukoo mmoja.

Artemisinini, iliyotolewa kwenye mmea wa *Artemisia annua* na kumpatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ni C₁₅H₂₂O₅. Viti 32, waliokaa 22, digrii 5. Artemetha, inayotengenezwa kutokana nayo, ni C₁₆H₂₆O₅. Viti 34, waliokaa 26, digrii 4.

Oksijeni ni tano kwa tano, lakini digrii zimepungua moja. Artemisinini ina pete nne na kabonili moja tu. Oksijeni nne zilizobaki zimejipenyeza katikati ya bondi moja moja, mbili kati yao zikishikana zenyewe kwa zenyewe katika daraja la peroksidi, na daraja hilo ndilo linaloipa dawa makali. Kwenye artemetha ile kabonili imeondolewa. Zimebaki pete nne, na hakuna bondi maradufu hata moja kwenye molekuli nzima. Anayedhani kila oksijeni ni kabonili angehitaji digrii tano kwa kabonili peke yake, na nne zilizopo zisingemtosha. Hapo ndipo namba inapokuwa na faida: inakukataza kuchora kitu kisichowezekana.

Naitro: mtego ulio mzuri kuliko yote

Mfano huu si wa malaria, ila unakutanisha klorini, naitrojeni na oksijeni pamoja, nami huuweka kwenye kila jaribio. Kloramfenikoli, antibayotiki ya zamani inayojulikana bado kwa matone ya macho, ni C₁₁H₁₂Cl₂N₂O₅.

Viti: 22 + 2 + 2 = 26. Waliokaa: 12 + 2 = 14. Tupu 12, digrii 6.

Sasa tuzigawe. Pete ya benzini ni digrii nne: pete yenyewe na bondi maradufu tatu. Kabonili ya amidi ni moja. Kundi la naitro, NO₂, ni moja. Jumla sita, hesabu imefunga.

Lakini tazama kinachompata aliyezisahau naitrojeni mbili. Viti vyake ni 24, waliokaa 14, digrii 5. Namba kamili. Anatoa nne kwa benzini, moja kwa kabonili, na kila kitu kinamkalia vizuri. Anafunga daftari akiwa na raha. Kundi la naitro limepita mbele ya macho yake, kwa sababu hesabu mbovu imekutana na mchoro pungufu, vikalingana.

Kosa la pili liko upande wa mchoro. Wapo wanaochora naitro ikiwa na bondi maradufu mbili, moja kwa kila oksijeni. Hapo naitrojeni imepewa mikono mitano, na hawezi. Mchoro halali una bondi maradufu moja kwa oksijeni moja, na bondi moja kwa oksijeni ya pili yenye chaji hasi, naitrojeni ikibeba chaji chanya. Pai ni moja. Kwa hiyo kila naitro ni digrii moja, si mbili, na ukiichora vibaya utadai kloramfenikoli ina 7.

Salfa inayodanganya

Salfa huhesabiwa kama oksijeni, yaani haihesabiwi. Sulfadoksini, nusu ya ile SP wanayomeza wajawazito kliniki, ni C₁₂H₁₄N₄O₄S. Viti 30, waliokaa 14, digrii 8. Ina pete ya benzini (nne) na pete ya pirimidini (nne). Zimetimia nane. Lakini mchoro wa kawaida wa dawa hii una bondi maradufu mbili kati ya salfa na oksijeni, na ukizihesabu unapata 10.

Kanuni yetu imeichukulia salfa kuwa na mikono miwili. Ikichorwa na mikono sita, bondi zile maradufu zinakuwa nje ya hesabu. Kwa hiyo unapolinganisha mchoro na namba, bondi maradufu za salfa na oksijeni usizihesabu. Fosforasi ni hivyohivyo: ihesabu kama naitrojeni, mikono mitatu, na bondi yake maradufu kwa oksijeni iache.

Pirimethamini, nusu ya pili ya SP, ni C₁₂H₁₃ClN₄. Ijaribu mwenyewe kabla hujaendelea kusoma. Viti 30, waliokaa 14 kwa kuwa klorini amekaa na haidrojeni 13, digrii 8. Benzini na pirimidini tena, safari hii bila salfa ya kumchanganya mtu.

Fomula ya kwenye boksi si lazima iwe fomula ya molekuli moja

Hapa ndipo hata wanaoijua kanuni barabara wanapoanguka. Kwinini ni C₂₀H₂₄N₂O₂. Viti 44, waliokaa 24, digrii 10: kwinolini saba, vinili moja, na pete mbili za kizimba cha kwinuklidini. Kizimba hicho kina njia tatu kati ya vichwa viwili, ndiyo maana macho huona pete tatu. Hesabu mikato: ni bondi ngapi lazima uzikate ili kizimba kifunguke kabisa na kusiwe na duara lolote? Mbili. Basi pete ni mbili.

Kwinini haifungashwi hivyo. Huuzwa kama chumvi, mathalani haidrokloridi, ambayo ikiandikwa kwa mkupuo na bila maji inakuwa C₂₀H₂₅ClN₂O₂. Piga hesabu: viti 44, waliokaa 26, digrii 9. Dihaidrokloridi, C₂₀H₂₆Cl₂N₂O₂, inatoa 8. Mpaka sasa namba kamili, na zote si sahihi kwa molekuli ya kwinini.

Kilichotokea ni kwamba HCl ni molekuli ya pili. Haidrojeni yake haikukaa kwenye kiti kitupu. Naitrojeni imempokea kwa jozi yake ya elektroni, kama mkono wa nne ambao kanuni haikuuhesabu. Klorini naye hajashikana na kaboni, ni ayoni ya pembeni. Tumewakalisha abiria wawili kwenye viti ambavyo hawakuvigusa. Kila HCl uliyoiacha ndani inapunguza digrii moja. Kila H₂O ya fuwele inapunguza moja pia. Kila H₃PO₄ hali kadhalika: klorokwini fosfeti, C₁₈H₃₂ClN₃O₈P₂, inatoa viti 43, waliokaa 33, digrii 5, ilhali klorokwini yenyewe tunajua ni 7. Ziondoe H₃PO₄ mbili, inabaki C₁₈H₂₆ClN₃, na saba yetu inarudi.

Utajuaje kama klorini ni ya chumvi au ni ya kwenye kaboni? Fomula peke yake haitakuambia. Jina ndilo linalosema: likiishia na haidrokloridi, fosfeti, salfeti, au fomula ikiwa na nukta katikati, toa kwanza kipande hicho ndipo uhesabu. Nje ya karatasi, maabara, chumvi ya kloridi iliyoyeyuka kwenye maji hutoa mashapo meupe mara tu ukidondosha nitreti ya fedha. Klorini iliyoshikamana na pete ya klorokwini haijibu.

Chumvi za sodiamu zina unafuu. Sodiamu amekaa palepale alipokuwa haidrojeni wa asidi, kwa hiyo mhesabu kama abiria. Sodiamu benzoeti, C₇H₅NaO₂: viti 16, waliokaa 6, digrii 5, sawasawa na asidi yake.

Na ile nusu? Ukisoma karatasi ya spektromita ya masi, kwinini huonekana kwenye 325 badala ya 324, kwa sababu imebeba protoni moja: C₂₀H₂₅N₂O₂⁺. Viti 44, waliokaa 25, digrii 9.5. Hapa nusu haimaanishi umekosea. Inamaanisha unahesabu ayoni. Ondoa ile protoni na utapata 10.

Dawa ya mseto, mwanzo hadi mwisho

Mwenza wa artemetha kwenye mseto ni lumefantrini, C₃₀H₃₂Cl₃NO. Viti: 60 + 2 + 1 = 63. Waliokaa: 32 + 3 = 35. Tupu 28, digrii 14.

Ukipewa 14 bila mchoro, anzia na kubwa. Digrii nne au zaidi, pamoja na haidrojeni chache kwa kaboni, humfanya mtu ashuku benzini. Kumi na nne zinaweza kubeba benzini tatu, yaani 12, na kubakiza mbili. Ndivyo ilivyo: benzini mbili zimeunganishwa na pete ya kaboni tano katikati (mfumo huo huitwa fluorini, wala si florini ile halojeni, majina yanafanana na yamewahi kunigharimu somo zima la maelezo), benzini ya tatu iko pembeni ikiwa na klorini, na bondi maradufu moja inamuunganisha wa pembeni na wa katikati. Nne, nne, moja, nne, moja. Oksijeni ni ya alkoholi, haina digrii. Naitrojeni ina mikia miwili ya kaboni nne nne, haina digrii. Klorini tatu ni abiria.

Mpaka wa hesabu hii unaonekana vizuri kwenye kisa cha William Henry Perkin. Mwaka 1856, akiwa na miaka 18, wakati wa likizo ya Pasaka jijini London, alijaribu kutengeneza kwinini. Wakati huo fomula ilijulikana, umbo halikujulikana. Akachukua aliltoluidini, C₁₀H₁₃N, akapiga hesabu kwamba molekuli mbili zikioksidishwa na kutoa maji zingebaki C₂₀H₂₄N₂O₂. Digrii za aliltoluidini ni 23 − 13 = 10, nusu yake 5. Mbili zikiungana ni 10. Kwinini ni 10. Kila namba imelingana, na alichopata ni tope jekundu la kahawia. Akarudia jaribio kwa anilini, ndipo ikatoka rangi ya zambarau iliyomtajirisha.

Kumi ya aliltoluidini mbili ni pete mbili na bondi maradufu nane. Kumi ya kwinini ni pete nne na bondi maradufu sita.